Mama, kadi ya benki na tarakimu nne

"Mama yangu ana miaka 71, ni mwalimu mstaafu na anaishi Korogwe. Pensheni yake inaingia benki kila mwezi na kadi anayo, lakini namba ya siri ameiandika kwa kalamu kwenye kimfuko cha kadi, na anayemtolea pesa ni kijana wa bodaboda wa pale jirani. Nikimweleza kwa simu anasema ameelewa, mwezi ukiisha anamtuma yule yule. Mimi niko Mwanza, nitakwenda likizo ya wiki 2. Nimfundisheje mpaka aweze mwenyewe, bila kugombana?"

Dada yangu, somo lisubiri kidogo. Siku ya kwanza ya kazi baada ya kufika Korogwe, nendeni wote wawili tawini. Mama aombe taarifa ya akaunti ya miezi 3, kisha abadilishe namba ya siri. Simtuhumu huyo kijana. Huenda ni mwaminifu kuliko ndugu zenu wengine. Lakini namba iliyoandikwa kwenye kimfuko imeonwa na watu ambao hamwezi kuwataja wote, na pesa ikitolewa kwa kadi yenyewe na namba iliyo sahihi, swali la kwanza la benki huwa ni nani mwingine anaijua. Ukishajibu "kijana wa jirani", malalamiko yako yamekwisha nguvu. Hiyo taarifa isomeni nyumbani taratibu, kila mwezi alimtuma shilingi ngapi na karatasi inaonyesha zilitoka ngapi. Zikilingana, mpelekeeni kijana soda.

Sasa kufundisha. Nilikaa dawati la kadi miaka 17, na wazee niliowaona wakikwama pale nje hawakushindwa na tarakimu nne. Walishindwa na mashine inayotaka haraka, na aibu ya watu waliopanga foleni mgongoni. Maelezo ya simu hayagusi lolote kati ya hayo mawili, ndiyo maana mama anaelewa leo na kesho anamwita kijana. Anza nyumbani, mezani, pasipo foleni. Nitakusimulia nilivyomfundisha shangazi yangu Muheza, naye mwalimu mstaafu, kwa sababu makosa mengi ya siku ile yalikuwa yangu.

Nilianza kwa kuishika kadi na kuonyesha kwa kidole. "Shangazi, upande huu ndio..."

"Mbona umeishika wewe?" akanikata. "Mtoto wa darasa la kwanza ukimshikia kalamu, anajifunza kutazama mkono wako. Nilete."

Nikampa. Akaigeuza mbele na nyuma, akavaa miwani, akaigeuza tena. Nilitaka kusema neno nikajizuia, na hicho ndicho kilichokuwa kitu cha maana nilichofanya asubuhi ile.

"Hiki cha rangi ya dhahabu ni nini?"

"Ndicho mashine inachosoma. Kinatangulia kuingia, kikitazama juu."

"Na hizi namba 3 za nyuma?"

"Za kununulia vitu kwenye mtandao. Mtu akizipata pamoja na namba ndefu ya mbele, anaweza kununua kwa pesa yako akiwa mbali, bila kadi mkononi. Kwa hiyo kadi haipigwi picha, hata na mimi."

"Na namba ya siri nitaweka 1952, mwaka niliozaliwa. Hiyo siisahau hata nikizimia."

Nikamwomba kitambulisho chake cha taifa, kilichokuwa kwenye pochi ile ile ya kadi. "Soma tarakimu 4 za mwanzo wa namba yako ya NIDA."

Akasoma moja tano, mbili... akaanza upya. "Moja, tisa, tano, mbili." Akakaa kimya. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, na wazee wengi hubeba kitambulisho na kadi mahali pamoja. Anayeiba pochi yenye namba ya siri ya mwaka wa kuzaliwa amepewa mlango na ufunguo.

"Basi 1961, mwaka wa Uhuru."

"Shangazi, mwizi naye alisoma shule. Benki nyingi zinampa nafasi 3 za kukosea kabla kadi haijafungwa. Tarakimu 4 zinatoa namba 10,000, kwa hiyo akibahatisha ovyo hafiki. Anafika akianza na zile ambazo watu huzipenda: mwaka wa kuzaliwa, 1234, sifuri nne, mwaka wa Uhuru."

"Nifanyeje sasa?"

"Tafuta jambo la zamani lenye tarakimu ambalo halijaandikwa kwenye karatasi yoyote. Bei ya kitu ulichonunua ujanani, au namba ya chumba ulicholala chuoni."

Uso ukamchangamka. "Baiskeli yangu ya kwanza! Niliinunua kwa shilingi..."

"Usiniambie!"

"Wewe ni mwanangu."

"Ndiyo maana. Siku pesa ikipungua, unataka kuanza kuniwazia mimi?"

Akacheka, lakini alielewa, na hapo nakuomba na wewe uwe mkali kwa nafsi yako. Watoto wengi hubadilisha namba ya mzazi wakaihifadhi kwenye simu yao, kwa nia njema kabisa. Kinachotokea ni kwamba mzazi hajifunzi, kwa kuwa mwanawe anayo, na siku ya sintofahamu mtoto anaingia kwenye orodha ya wanaoshukiwa. Mama aichague peke yake chumbani. Kama bei ya baiskeli ina tarakimu 3, aongeze moja anayoijua yeye.

Kuhusu kuikumbuka, kuna njia niliyojifunza kwa wateja wenyewe. Vitufe vya mashine ya ATM vimepangwa kama vya kitochi: 1, 2, 3 juu, sifuri chini, na kwenye kitufe cha 5 kuna kinundu kidogo unachokihisi kwa kidole. Nikamwambia shangazi azime simu yake kabisa, kisha abonyeze namba yake mara 20 asubuhi na 20 jioni, kwa siku 5. Kuzima ni lazima, la sivyo namba inabaki kwenye kioo au simu inampigia mtu. Baada ya siku hizo kidole kinaijua njia. Nimeona wazee ambao ukiwauliza namba wanababaika, ukiwaweka mbele ya vitufe mkono unakwenda wenyewe.

Kama unajiuliza kwa nini ni nne na si sita, John Shepherd-Barron, mmoja wa waliobuni mashine hizi, ile iliyofunguliwa London tarehe 27 Juni 1967, alisimulia kwamba yeye alitaka sita. Mke wake, wakiwa mezani jikoni, akamwambia anaweza kukumbuka nne tu. Shangazi aliposikia hilo alisema angalau palikuwa na mwanamke mwenye akili pale.

Kisha akaniuliza swali ambalo wengi hawaulizi. "Na benki wakiniuliza namba yangu? Si pesa wanazo wao?"

"Shangazi, nimefungua na kufunga kadi za watu miaka 17, sikuwahi kuiona namba ya siri ya mteja hata mmoja. Haionekani kwenye kompyuta yetu. Ukibonyeza, vitufe vyenyewe vinaigeuza kuwa fumbo kabla haijatoka pale, na huko benki kompyuta inajibu tu ndiyo au siyo. Hakuna kazi ya benki inayomlazimu mfanyakazi kuijua."

"Kwa hiyo anayeniuliza..."

"Si benki. Hata akilijua jina lako lote na tawi lako."

Siku ya pili nilichukua boksi la viatu, nikapasua mwanya wa kadi, nikachora vitufe na kuweka rangi tatu za pembeni. Kwenye mashine nyingi, nyekundu imeandikwa CANCEL, nayo husitisha kila kitu na kurudisha kadi. Njano ni CLEAR, ya kufuta tarakimu uliyokosea. Kijani ni ENTER, ya kuthibitisha. Mzazi ashike rangi, maandishi hufutika kwa vidole vya watu. Mimi nikawa mashine.

"Chagua lugha."

"Kiswahili."

"Ingiza namba ya siri."

Akaziba vitufe kwa kiganja cha kushoto kama nilivyomwonyesha, akabonyeza boksi. Nikauliza anataka nini, akasema kutoa pesa, akaunti gani, akasema akiba, kiasi gani. Hapo akafikiri. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka 30, nikasema kwa sauti ya mashine, "Muda wako umekwisha. Chukua kadi yako."

"Nini? Bado nafikiri!"

"Mashine imekuona umenyamaza."

"Haina adabu."

"Haina. Lakini umepoteza nini?"

Akatazama kadi mkononi. "Sijapoteza kitu."

Nikamkatiza hivyo mara 3 kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo mzee huingiwa na woga na kumgeukia mtu wa nyuma. Anatakiwa aujue ule mshtuko tangu nyumbani, na ajue kwamba ukija dawa yake ni kitufe chekundu na kuanza upya. Kuhusu namba ikikataliwa nilimpa sheria moja: akikosea mara 2, anaacha, anatoa kadi na kurudi nyumbani. Ile ya tatu ndiyo inayofunga kadi. Na pesa zikitoka azichukue papo hapo, kuhesabu baadaye. Mashine nyingi hurudisha kadi kwanza ndipo pesa, chache hufanya kinyume, na kwa zote kitu kilichoachwa kwenye mwanya kwa muda wa kama nusu dakika kinaweza kuvutwa ndani.

Sasa naja kwenye jambo ambalo ningekuwa na saa moja tu na mama yako ningelifundisha hilo peke yake. Kwenye boksi lile lile, nikajifanya kijana nadhifu wa kwenye foleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona imegoma. Hicho kidude kimeshika vumbi tu, nipe nikufutie."

Na shangazi yangu, mwalimu wa miaka mingi, mtu aliyetoka kusikia mahubiri yangu ya siku 2, akanipa. Nikaifuta kwenye shati, nikamrudishia.

"Ahsante, Mungu akubariki."

"Shangazi, soma jina."

Lilikuwa jina langu. Kadi zetu ni za benki moja, rangi moja. Hivi ndivyo inavyofanyika kweli. Mwizi kwanza anasimama mahali pa kuona vidole vikibonyeza, ndipo anajitolea kusaidia. Anayerudishiwa kadi ya mtu mwingine anaingiza namba yake sahihi na inakataliwa. Anadhani amesahau, anarudia mpaka kadi inafungwa, anakwenda nyumbani akijilaumu uzee. Mwizi yuko mashine nyingine anatoa mpaka ukomo wa siku, na usiku wa manane ukipita anaanza ukomo wa siku mpya. Mzee anagundua siku kadhaa baadaye, akija tawini na kadi ya mtu ambaye hamjui.

Kwa hiyo dalili ni hii: namba unayoijua vizuri imekataliwa ghafla, na kabla yake kuna mkono wa mtu uliogusa kadi. Usijaribu tena, soma jina. Shangazi aliandika herufi yake ya kwanza kwenye kona ya mbele, mbali na kile cha dhahabu, kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa kuwa majina ya kwenye kadi ni madogo na miwani hubaki nyumbani.

Lakini kujua hila hakutoshi, kwa sababu wazee wetu hawawezi kumnyima kijana aliyewaamkia kwa heshima. Wanaona ni utovu wa adabu. Mpe mama sentensi ya kusema ili asianze kutunga pale pale. Ya shangazi ni "Ahsante mwanangu, namsubiri mtu wangu," huku kidole kikienda kwenye nyekundu. Tuliirudia mpaka ikawa inatoka kama salamu. Kijana mwema ataitikia na kukaa pembeni.

Kuna ndugu wa hila hiyo: kadi inanaswa kwenye mwanya kwa kitu kilichopachikwa, na msamaria anasema, "Ingiza namba ya siri tena, itatoka." Kuingiza namba hakuitoi kadi iliyonasa. Mama asibonyeze chochote, asiondoke pale, apige benki. Namba ya simu ya huduma kwa wateja iwe tayari kwenye kitochi chake na kwenye karatasi ukutani. Ile iliyochapwa nyuma ya kadi haisaidii kadi ikiwa ndani ya mashine. Na kama amesikia zile habari zinazozunguka kwenye simu kwamba ukiingiza namba yako kinyume polisi wanaitwa, mwambie ni uongo. Mashine itasema umekosea, basi.

Safari ya kwanza ya kweli msiifanye siku pensheni imeingia. Chagueni katikati ya mwezi, saa 4 asubuhi siku ya kazi, mashine iliyo kwenye tawi lenyewe: hakuna foleni, mlinzi yupo, na kadi ikimezwa kuna mtu wa kuuliza hapo hapo. Mama atoe 10,000 tu. Wewe simama hatua 3 nyuma, mgongo ukimwelekea, ili uzuie foleni badala ya kuchungulia. Akikuita, usiende kwenye vitufe, muulize kwa sauti, "Kioo kinasemaje?" Shangazi alinijibu, "Kinauliza kama nataka risiti," nikamuuliza yeye anataka? Akatafakari akasema anataka. Kesho yake tukarudi akatoa 10,000 nyingine, na mara ya tatu nilibaki dukani ng'ambo ya barabara. Safari 3 ndani ya wiki 2 zako zinatosha. Makato ya kutoa kidogo kidogo yahesabu kama ada ya shule.

Huenda baada ya wewe kuondoka atapendelea wakala wa benki kwa kuwa yuko karibu. Si vibaya, mradi akishike mwenyewe kimashine na kubonyeza namba, asimtajie wakala hata akiwa ni mtoto wa jirani. Wakala akisema "imekataa, turudie", mama adai karatasi ya hiyo iliyokataa na kwanza asome meseji ya benki. Wakati mwingine mtandao huwa umekatika baada ya akaunti kukatwa, na kurudia ni kukatwa mara 2. Kwa ajili hiyo hakikisha meseji za benki zinaingia kwenye simu ya mama. Nimekuta nyumba nyingi ambako laini iliyosajiliwa benki ni ya marehemu mume. Matapeli wa kupiga simu na wa "tuma kwenye namba hii" namba zao hutumwa kwenda 15040.

Jambo ambalo ningelifanya ningekuwa wewe, hata kabla ya boksi la viatu, ni kuangalia kadi imeunganishwa na akaunti ipi. Wastaafu wengi walipokea mkupuo wao kwenye akaunti ile ile inayoingia pensheni ya kila mwezi, na kadi ikiibwa, kilicho wazi ni vyote. Afungue akaunti ya pili isiyo na kadi, mkupuo ulale huko, hii ya kadi ibaki na matumizi ya mwezi 1 au 2. Pia aombe benki imshushie ukomo wa kutoa kwa siku, ikiwa wanaruhusu. Anayetumia 150,000 kwa wiki hahitaji kadi inayoweza kutoa milioni kwa siku.

Mwisho, uangalie kitu kimoja kwa macho makavu katika hizo wiki 2. Kusahau namba ni kawaida. Hata mimi hunitokea. Lakini akitoa pesa asubuhi na mchana akakuuliza lini mtakwenda kutoa pesa, au akiwa na kadi mkononi haijui ni ya nini, somo liishie hapo na kadi irudishwe benki. Hali hiyo haifundishiki kwa kurudia. Mwende tawini angali anaweza kujieleza na kusaini mwenyewe, aseme mbele ya ofisa anataka nani awe na mamlaka ya kutoa pamoja naye dirishani. Akishafika mahali asipoelewa anachosaini, benki haiwezi kupokea ridhaa yake, na mtalazimika kuanza safari ya mahakamani.